Mita 48 au 84? Jibu Moja kwa Wazabuni Wote

Tuseme kaunti moja nchini Kenya imetangaza zabuni ya kutengeneza barabara ya kijijini na kuwapa wazabuni siku 21. Siku ya 13, mzabuni mmoja anaandika: michoro inaonyesha makalavati 12, kila moja lenye mabomba ya urefu wa mita 7, lakini jedwali la kiasi na bei linasema mita 48. Ajaze bei ya mita ngapi?

Ana haki ya kuuliza, kwa kuwa 12 mara 7 ni 84. Aliyechapa jedwali aligeuza tarakimu.

Hapa ndipo haki huweza kupotea kwa nia njema kabisa. Ofisa anampigia simu muulizaji na kumwambia, "Fuata michoro." Wengine wanabaki na mita 48, bei zao zinaonekana nafuu, na siku ya tathmini kamati inalinganisha kazi mbili tofauti kana kwamba ni moja. Kwa maoni yangu, hata ukweli ukimfikia mmoja tu, tayari ni upendeleo.

Jibu lililo sawa huandikwa na kutumwa kwa kila aliyechukua nyaraka, bila kumtaja muulizaji. Hubeba swali lenyewe, kisha mabadiliko yanayoonekana kwa jicho: "Kipengele cha mabomba ya zege: kiasi cha awali mita 48, kiasi kipya mita 84. Sababu: kosa la uchapaji. Michoro haijabadilika. Tumieni ukurasa mpya ulioambatishwa." Ukurasa huo ni muhimu, maana anayeachiwa kurekebisha jedwali kwa mkono anaweza kukosea upya. Kusema "kiasi kinaweza kuongezeka" hakumsaidii mtu kupanga bei.

Sasa muda. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 75, inaruhusu nyaraka zirekebishwe kwa waraka wa nyongeza kabla ya siku ya mwisho, mradi kiini cha zabuni kisigeuzwe. Marekebisho yakitoka wakati muda uliosalia haufiki theluthi moja ya muda wote, tarehe lazima isogezwe kadiri inavyohitajika. Theluthi ya siku 21 ni siku 7. Waraka ukitoka siku ya 15, zimesalia 6 tu.

Kwa hiyo waraka huohuo utaje tarehe na saa mpya ya kuwasilisha, na ya kufungua zabuni, ukieleza kwamba muda umeongezwa kwa sababu ya mita 36 zilizozidi: mzabuni anahitaji kuuliza tena bei ya mabomba na usafiri. Kama dhamana ya zabuni imefungwa kwa tarehe maalumu, waraka useme pia iwapo tarehe hiyo inasogea.

Aliyekwisha kuwasilisha naye asisahauliwe. Aambiwe waziwazi kwamba anaweza kuondoa zabuni yake na kuleta nyingine kabla ya saa mpya ya mwisho.