Nondo kwa Daktari wa Miguu

Mtoto anasema, "Kitendawili!" Wenzake wanajibu, "Tega!" Anatega: "Nyumba yangu haina mlango." Hapo kila mmoja anajua jibu, na wanalitoa kwa sauti moja: "Yai!" Mtegaji anatikisa kichwa. Wanajaribu tena, wanakwama, mwishowe wanampa mji. Akishaupokea, anasema kwa utulivu: "Fundi hajauleta."

Mmoja atalalamika kwamba kaibiwa mji, mwingine ataangua kicheko. Jibu hilo halina fumbo hata chembe. Nyumba ni nyumba, mlango ni mlango, na fundi kachelewa kama wachelewavyo mafundi. Wasikilizaji walikuwa wamejiandaa kuruka kutoka kwenye nyumba hadi kwenye kitu kingine kabisa, kumbe hakukuwa na pa kurukia.

Mzaha wa namna hii una mbinu yake. Msimulizi anakupa dalili zote kwamba kichekesho kinakuja, halafu pale panapotakiwa panchi, yaani lile pigo la mwisho linalofyatua kicheko, anaweka maneno ya kawaida kabisa. Ukicheka, unakicheka kile ulichokuwa unakingoja. Mwanafalsafa wa Ujerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1790 kwamba kicheko huzuka pale matarajio yaliyovutwa sana yanapogeuka ghafla kuwa si kitu. Kwangu mimi maelezo hayo yanaufaa mzaha huu kuliko vichekesho vingi vya kawaida, kwa sababu kichekesho cha kawaida hugeuza matarajio yako yakawa kitu kingine. Huu ndio unaoyaacha yaishie patupu.

Mfano wake maarufu kuliko yote ulichapishwa mwaka 1847 katika The Knickerbocker, jarida la New York: kwa nini kuku anavuka barabara? Kwa sababu anataka kufika upande wa pili. Jarida lenyewe liliutaja kama mfano wa mambo yanayofanana na mafumbo lakini si mafumbo. Wengi wetu tuliusikia shuleni, kwenye vipindi vya Kiingereza, tukashangaa Wazungu wanacheka nini. Ni haki yetu kushangaa. Mzaha huo ulitungwa kwa ajili ya watu waliozoea kutegewa maswali ya aina hiyo na kupewa majibu ya kijanja. Asiye na mazoea hayo anasikia swali kuhusu kuku na jibu sahihi. Na hata huko ulikotoka, umerudiwa mno kiasi kwamba hakuna tena anayengoja jibu la kijanja, na pasipo kungoja hakuna kicheko.

Kuona jinsi matarajio yanavyojengwa, tumtazame Norm Macdonald, mchekeshaji wa Kanada aliyefanya kazi zaidi Marekani hadi alipofariki mwaka 2021. Mwaka 2009 alialikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Conan O'Brien, akasimulia habari za nondo, yule mdudu mwenye mabawa anayezunguka taa usiku. Nondo anaingia kwenye kliniki ya daktari wa miguu. Daktari anamuuliza, "Una tatizo gani?"

Msimulizi mwingine angemaliza kwa sentensi mbili. Macdonald alimwachia nondo aongee. Nondo anaeleza kwamba anafanya kazi kwa bwana mmoja mwenye jina la Kirusi, na hajui tena anafanya kazi gani wala kwa nini. Anazeeka. Binti yake alikufa kwa baridi. Mwanawe wa kiume yupo, lakini nondo anakiri kwamba hampendi tena, maana akimtazama machoni anauona woga uleule alionao yeye mwenyewe. Anasema laiti asingekuwa mwoga, angenyoosha mkono kuichukua bunduki iliyo kando ya kitanda. Yote hayo Macdonald aliyasema kwa uso wa mtu anayetoa taarifa ya msiba, bila haraka, akirundika huzuni juu ya huzuni kama riwaya za Kirusi za zamani.

Daktari anasikiliza hadi mwisho. Kisha anamwambia: "Ndugu, una matatizo makubwa, lakini wewe ni wa kumwona daktari wa magonjwa ya akili. Kwa nini umekuja kwangu?"

Nondo anajibu: "Kwa sababu taa ilikuwa inawaka."

Wapo wanaosema hiyo ni panchi ya kawaida, na wana hoja, kwa maana jibu linatushtua. Lakini angalia limetoka wapi. Kwa dakika kadhaa tumesahau kwamba anayeongea ni mdudu. Kila huzuni aliyoitaja ilituvuta tumwone mtu, tukaanza kutarajia mwisho wa kibinadamu wenye uzito unaolingana na maisha yake. Jibu lake ni ukweli mtupu ambao mtoto yeyote anaujua: nondo hufuata taa. Ule urefu ndio unaobeba mzaha wote. Uondoe msiba wa binti na woga wa mwana, ubaki na nondo, daktari na taa, na utapata kichekesho kidogo ambacho msikilizaji atakisahau kabla hajanyanyuka kitini.

Hapo pia ndipo wengi wanaojaribu mzaha huu wanapokosea. Wanadhani mwisho wowote usio na maana unatosha. Katika karne ya 20, vijana wa Marekani walikuwa na mchezo wa kumsimulia mwenzao kisa cha wanyama wawili wanaooga. Mmoja anaomba sabuni, na mwenzake anajibu, "Hakuna sabuni, redio." Waliokula njama wanacheka kwa nguvu, huku wakimtazama asiyejua kama naye atajifanya ameelewa. Maneno hayo hayana uhusiano wowote na kisa, na kinachochekwa pale ni aibu ya mtu mmoja. Mwisho wa nondo, wa kuku, na hata wa fundi, ni wa kweli ndani ya kisa chake. Baada ya kuusikia unaweza kurudi mwanzo ukakuta jibu lilikuwa wazi tangu sentensi ya kwanza.

Kosa la pili ni la uso. Msimulizi akitabasamu kabla ya sentensi ya mwisho, ameshatoa siri. La tatu ni kurudia. Mzaha wa kwanza wa aina hii hupata kicheko, lakini kufikia wa tatu mfululizo msikilizaji ameshajua kwamba hakuna kitu, naye anautegea mwisho mkavu kama alivyokuwa akitegea panchi.

Mwaka mmoja kabla ya nondo, Agosti 2008, Macdonald alipanda jukwaani katika hafla ya televisheni ya kumtania mchekeshaji mwenzake Bob Saget. Hafla hizo huendeshwa kwa matusi mazito, kila msemaji akijitahidi kumpita aliyemtangulia. Yeye alisoma utani safi, wa kizamani, wa kuweza kusemwa mbele ya bibi na wajukuu, mmojawapo ukiwa kwamba uso wa Saget ni kama ua: koliflawa. Watazamaji ukumbini walichelewa kuelewa, na baadhi ya vipande vilipokelewa kwa ukimya wa mashaka. Wachekeshaji waliokaa nyuma yake walikuwa hoi kwa kicheko. Wao walikuwa wamekuja na matusi yao yaliyonolewa, walijua sentensi ya namna gani ilitakiwa kutoka kila alipovuta pumzi, na kila mara waliisikia ikikosekana.