Simu ya Mama Inapolia Kutwa Kucha



Wakati wa kutayarisha mashamba mama yangu, anayekaa upande wa Moiben, aliniuliza mbona majirani wamekwenda kuchukua mbolea ya ruzuku ghalani kwa Halmashauri ya Nafaka hapa Eldoret, na yeye bado hajaitwa. Nikaomba simu yake. Meseji ya mbolea ilikuwamo, imekaa siku kumi na mbili, imefunikwa na meseji za kamari, mikopo ya haraka na nyimbo za simu. Mama alikuwa amechoshwa na ile milio, akaacha kufungua chochote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuirekebisha mwenyewe palepale. Kesho yake akapiga kwa simu ya jirani: "Wewe, simu yangu umeifanya nini? Siijui tena!" Basi nikarudi Jumamosi, tukaanza upya, simu ikiwa mkononi mwake yeye.

Tulianza na maandishi, kwani asiyeona jina la mtumaji hawezi kuchagua wa kumzuia. Katika simu nyingi za kugusa unaingia Settings, halafu Display, halafu Font size, unasogeza alama kuelekea kulia. Usikimbilie mwisho kabisa. Kwa mama, ukubwa wa mwisho ulisukuma vitufe vingine nje ya kioo, tukarudi hatua moja nyuma. Kipimo chetu kilikuwa meseji ya M-Pesa: aliishika simu mahali anapoishika kila siku, akanisomea kiasi na jina bila kukunja uso.

Halafu meseji za biashara. Kwa laini ya Safaricom, nyingi huishia na maneno STOP *456*9*5#. Mama alidhani ni namba ya mtu! Ni namba ya kupiga kama unavyoangalia salio:

```
*456*9*5#
```

Yatatokea maandishi. Tafuta panaposema marketing au promotional messages, kisha chagua kuzima zote. Usimkaririshe mzazi kwamba ni namba fulani ya orodha, maana orodha hizo hubadilishwa. Mfundishe kutafuta neno. Meseji za M-Pesa haziguswi na hatua hii, kwa kuwa si matangazo. Kumkataa anayekutangazia biashara ni haki yako chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hivyo mzee asione haya kana kwamba anamfukuza mgeni.

Hata hivyo zote hazitakwisha. Zinazotoka kwa namba za kawaida hazipiti njia hiyo, hizo huzuiwa moja moja. Bonyeza meseji na ushikilie mpaka ibadilike rangi, kisha gusa vile vitone vitatu pembeni, uchague Block. Hapa ndipo pa kuangalia sana. Mama aliposhika mwendo alifurahi mno, akamzuia hata karani wa maziwa. Tulimrudisha kwa kufungua Spam & blocked na kugusa Unblock. Tangu hapo tuna karatasi ukutani, karibu na kalenda, yenye majina yasiyozuiliwa kamwe: MPESA, maziwa, kliniki, mweka hazina wa kikundi, na aliyeleta habari ya mbolea. Naye mtu akituma kwa namba ya kawaida akijidai ni M-Pesa, huyo ni mwizi. M-Pesa huja kwa jina MPESA. Meseji yake ipeleke 333 bila malipo, ndipo umzuie.

Ikabaki milio ya magazeti, michezo na makundi ya WhatsApp. Arifa ikitokea, iguse na uishikilie, utaona nafasi ya kuifanya Silent. Itaingia lakini haitalia. Kundi la ukoo tulilinyamazisha kwa Mute, hatukulitoa. Mama huenda kulisoma akishakunywa chai ya jioni.

Usiku simu inalala na Do Not Disturb, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nilihofia hili: je, mtu akiugua? Ndani yake pana sehemu ya kuruhusu simu za watu uliowachagua, na nyingine iitwayo Repeat callers: mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu hulia. Tulijaribu. Nilitoka nje nikapiga mara moja, kimya. Nikapiga tena, ikalia, na mama akajibu kutoka jikoni, "Nimekusikia, ingia ndani, baridi hiyo."

Mwenye katululu hana haya yote, lakini ile *456*9*5# humo pia inafanya kazi.