Android Kwenye Laptopu ya GB 8: Gawa kwa Kiasi

Ukifungua mipangilio ya emuleta ya Android na kukuta sehemu ya kuchagua viini na RAM, mkono hukimbilia namba kubwa kabisa. Matokeo yake ni gemu kugandaganda na laptopu nzima kuwa nzito. Emuleta haifanyi kazi peke yake: iko juu ya Windows, na Windows ikikosa nafasi, Android iliyo ndani yake nayo inakwama.

Tuchukue mfano wa HP EliteBook 840 G1, laptopu inayopatikana kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika, Nairobi na hata Dar es Salaam. Tuseme ina prosesa ya Core i5-4300U yenye viini 2 halisi, RAM ya GB 8, na chipu ya picha ya Intel HD 4400. Emuleta tunayoweka ni BlueStacks 5.

Kabla ya kugusa mipangilio ya emuleta, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance, kisha CPU, usome mstari wa Virtualization. Ukiandikwa Disabled, anzia hapo. Uwezo huu huiruhusu Android kutumia prosesa moja kwa moja. Ukiwa umezimwa, emuleta ama hukataa kuwaka ama hujikongoja, hata ukiipa RAM yote.

Zima laptopu, iwashe, na ubonyeze F10 mfululizo hadi BIOS ifunguke. Tafuta Device Configurations, weka alama kwenye Virtualization Technology (VTx), hifadhi na utoke. Kwenye kompyuta nyingi za Dell utaingia kwa F2. Kwenye ThinkPad, kwa F1. Kompyuta za AMD mara nyingi huuita SVM Mode. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta kwanza ufunguo wake wa dharura, maana Windows inaweza kuudai baada ya BIOS kubadilishwa.

Sasa viini. Windows itakuonyesha prosesa 4, lakini hizo ni nyuzi. Viini halisi ni 2, na kila kimoja kinabeba nyuzi mbili. Ipe emuleta 2. Ukiipa 4, Android itazigombania na Windows, ambayo ndiyo inayochora picha, kupeleka sauti na kupokea vibonyezo vyako. Dalili ni rahisi kuitambua: CPU inakaa kwenye asilimia 100, sauti inakatikakatika, na kipanya kinachelewa kufuata mkono.

Kwenye RAM, piga hesabu kabla ya kuchagua. Washa laptopu, usifungue kitu, na utazame Memory kwenye dirisha lilelile. Tuseme Windows na antivirasi zimeshachukua GB 3. Zimebaki 5. Kivinjari chenye kurasa chache kinaweza kula GB 1 au zaidi, na chipu ya picha nayo inakopa humo humo, kwa sababu haina kumbukumbu yake. Ukiitengea emuleta GB 4, utakuwa umefika ukingoni. GB 2 zinatosha programu nyepesi kwenye Android 7. Kwa Android 11, weka 3 na ufunge kivinjari. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia data kwenye diski. Kama diski ni ya kuzunguka, utaona Disk iko asilimia 100 na kila kitu kimesimama, ingawa CPU haina kazi nyingi.

Mwisho ni Graphics renderer. Programu nyingi za Android huchora kwa OpenGL ES, na emuleta huitafsiri lugha hiyo kuwa OpenGL ya kompyuta au DirectX. Vulkan iache: Intel haikutoa draiva yake ya Windows kwa HD 4400. Kwa chipu za Intel za umri huu, anza na DirectX, kwa kuwa draiva zake za OpenGL kwenye Windows ndizo zinazosumbua zaidi. Ukiona kioo cheusi huku sauti inasikika, au rangi na maandishi yamevurugika, hamia OpenGL na uwashe emuleta upya. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Punguza pia ukubwa wa picha kutoka 1920 x 1080 hadi 1280 x 720. Nukta za kuchorwa hupungua kwa zaidi ya nusu, na kwa chipu hii nafuu huonekana mara moja. Weka fremu 30 kwa sekunde.

Kwa mipangilio hii, programu za mawasiliano, za masomo na gemu nyepesi zitatembea vizuri. Gemu nzito za 3D zitaendelea kukwama. CPU ikijaa hata baada ya viini 2, GB 3 na picha ya 720, umefika mwisho wa uwezo wa prosesa yenyewe, na kuongeza RAM hakutaubadilisha.