Anga Lenye Viraka

Shangazi alilitazama bango kwa muda, akasogea nyuma hatua tatu, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona anga lina viraka?" Ilikuwa picha yangu ya majahazi mbele ya Forodhani, Zanzibar, niliyoigeuza kwa kompyuta ifanane na mchoro wa rangi za mafuta. Kwenye skrini ya simu ilipendeza sana. Kwenye karatasi ya A1, yenye upana wa milimita 841, anga lilionyesha miraba, kila mmoja mpana kama kitanga cha mkono. Mmoja ulielekea kijivu, jirani yake ukaelekea manjano, na mwingine ulijaa mizunguko ya brashi ambayo mawinguni haikuwapo kabisa.

Miraba hiyo ilitokana na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Kuhamisha mtindo wa mchoro kwenye picha ya kawaida kulielezwa mwaka 2015 na Leon Gatys na wenzake wa Tübingen, Ujerumani. Mwaka uliofuata Justin Johnson na wenzake wa Stanford walionyesha mtandao wa neva unaojifunza mtindo mmoja mapema, kisha unaibadilisha picha yoyote kwa pigo moja. Mimi natumia mtandao wa aina hii ya pili. Tatizo lake ni kumbukumbu ya kadi ya michoro. Picha yangu, baada ya kukatwa ilingane na A1, ina pikseli 5632 kwa 3980. Tabaka la kwanza la mtandao huigeuza kuwa ramani 32 za ukubwa uleule, na kila pikseli ya kila ramani huchukua baiti 4. Hiyo ni karibu gigabaiti 2.9 kwa tabaka moja tu, na kila hatua inayofuata huhitaji nakala yake. Kadi ya gigabaiti 8 hukwama.

Ndipo watu wanapoikata picha vigae. Nilichukua vigae vya pikseli 1024 kila upande na kusogea pikseli 768 kila mara, ili majirani wapandane kwa pikseli 256, kama makuti yanavyolaliana paani. Vilitoka vigae 7 kwa upana na 5 kwa kimo, jumla 35. Palipopandana nilichanganya rangi taratibu: kigae cha kushoto kinafifia huku cha kulia kikijitokeza.

```
w = np.minimum(1, (np.arange(1024) + 0.5) / 256)
w = np.minimum(w, w[::-1])
W = np.outer(w, w)
```

Kila kigae huzidishwa kwa `W` na kujumlishwa kwenye turubai, kisha turubai yote hugawanywa kwa jumla ya uzito wa kila mahali. Hesabu hii ni sahihi, na viraka vilitoka palepale. Mstari mkali ulipotea, badala yake ukaja ukanda mpana ambamo rangi mbili zinapokezana, na ndani ya ukanda huo mipigo ya brashi ilionekana miwilimiwili, kama kivuli cha mtu chini ya taa mbili. Niliongeza mpandano ukafika pikseli 400. Ukanda ukapanuka, viraka vikabaki.

Ilinichukua muda kukubali kwamba mshono haukuwa ugonjwa wenyewe. Kama vigae viwili vinaipaka sehemu ileile kwa namna moja, hakuna cha kuficha hapo. Swali la kujiuliza ni kwa nini kigae kimoja kilipake wingu manjano na jirani yake alipake kijivu, ilhali wingu ni lilelile.

Jibu limo ndani ya mtandao. Karibu kila tabaka lina hatua ya kusawazisha, iliyopendekezwa na Dmitry Ulyanov na wenzake mwaka 2016, na ndiyo iliyofanya michoro ya aina hii ipendeze. Hatua hiyo huchukua kila ramani, huondoa wastani wake, kisha huigawanya kwa mtawanyiko wake, yaani kiasi ambacho thamani zinatofautiana. Ukiipa picha nzima, hupima anga, bahari na matanga kwa pamoja. Ukiipa kigae cha anga tupu, hupima anga peke yake. Tofauti ndani ya anga ni ndogo mno, hivyo mtawanyiko ni mdogo, na kugawanya kwa namba ndogo ni kukuza. Ukungu hafifu uliokuwa wingu unageuka dhoruba. Kigae cha jirani, chenye ncha ya mlingoti na kipande cha tanga jeupe kwenye jua, kina mtawanyiko mkubwa, kwa hiyo anga lake linabaki tulivu. Kila kigae kimejipimia kwa mizani yake.

Dawa yake, iliyoelezwa katika makala ya kitaalamu ya mwaka 2022, ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Kwanza unatengeneza kijipicha cha picha nzima, chenye upana wa pikseli 1408, robo ya picha yangu. Unakipitisha mtandaoni na kwa kila tabaka unaandika wastani na mtawanyiko uliopatikana. Kisha unapitisha vigae vyote 35, na badala ya kuviacha vijipimie, unavilazimisha kutumia namba zile zilizoandikwa. Sasa anga tupu na tanga jeupe vinapimwa kwa mizani moja. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, bila kugusa kitu kingine, viraka vya rangi viliondoka vyote.

Yalibaki mambo mawili madogo yaliyonisumbua. La kwanza ni ukingo. Mtandao ukifika mwisho wa kigae hukosa jirani wa kumtazama, hivyo hubuni, na pikseli za pembeni huharibika kidogo. Ninachofanya ni kukata kila kigae kikiwa na pikseli 64 za ziada kila upande, kukipitisha, kisha kuzitupa pikseli hizo. Kwenye kingo za picha yenyewe natumia taswira iliyogeuzwa kama kwenye kioo.

La pili lilinipotezea siku nzima. Mtandao huu hupunguza picha mara nne ndani yake kabla ya kuikuza tena, kwa hiyo kila kigae kinapaswa kuanza kwenye pikseli inayogawanyika kwa 4. Safu yangu ya mwisho haikutosha kusogea 768, ikabidi irudi nyuma. Nilipokuwa nimekata picha kwa kimo cha 3982, safu hiyo ilianzia pikseli ya 2958, isiyogawanyika kwa 4, na chembechembe za rangi katika safu hiyo nzima zikakataa kukutana na za juu yake. Kwa kimo cha 3980 inaanzia 2956, zikakutana.

Hapo mpandano wa pikseli 256 unakuwa na kazi ndogo sana, kwa sababu vigae viwili vinatoa karibu rangi ileile. Hiki ndicho kipimo changu: kabla ya kuchanganya, natoa kigae kimoja kwenye kingine pale walipopandana. Nikiona zaidi ya vumbi jeusi, kuna kosa mahali, na silifichi kwa kupanua ukanda.

Kuna jambo ambalo vigae haviwezi kulitibu, nalo ni ukubwa wa mpigo wa brashi. Mtandao umejifunza mpigo wa, tuseme, pikseli 40. Kwenye A1 hiyo ni milimita 6 tu, na mtu aliyesimama mita mbili anaona picha yenye chengachenga, haoni mchoro. Kwa hiyo kijipicha cha 1408 kikishapakwa, nakikuza mara nne, nachanganya sehemu 70 zake na sehemu 30 za picha halisi ili kamba za majahazi zisipotee, kisha napitisha vigae juu ya mchanganyiko huo. Namba za kusawazisha nazipima upya kutoka kijipicha cha mchanganyiko huo, kwa kuwa za picha ya awali hazifai tena. Mpigo mpana unakuwa wa sentimita 2.4, na ule mwembamba unalala juu yake. Gharama yake ni kwamba nyuso za watu walioko mbali hupotea. Picha ya harusi siifanyii hivi.

Kabla ya kulipia karatasi kubwa narudia kazi yote nikiwa nimesogeza gridi pikseli 384, natoa picha moja kwenye nyingine, na kukuza tofauti mara 20. Viraka vikiwapo, gridi hujichora yenyewe. Kisha nachapa ukanda wa anga tu kwenye A4, kwa ukubwa uleule wa bango. Hatua ya kigae kwenye karatasi ni sentimita 11.5, hivyo ukanda wa sentimita 29 hupita juu ya mipaka isiyopungua miwili. Ukanda wa mwisho nilimpelekea shangazi. Aliutazama, akaugeuza upande wa pili, akaniuliza majahazi yako wapi.