Parabola Iliyolala na Kisu cha Mlalo

Chora parabola ya mlinganyo x = y². Imelala ubavu, kipeo chake kikiwa kwenye (0, 0) na mdomo ukitazama kulia. Sasa pitisha juu yake mstari mnyoofu y = x − 2. Mstari huo unaikata parabola mahali pawili, na kati yao hubaki eneo lililofungwa pande zote. Swali ni fupi: eneo hilo lina ukubwa gani?

Mwanafunzi aliyezoea kalkulasi ya kidato cha sita huanza kwa mazoea. Hulikata eneo kwa vipande vyembamba vilivyosimama wima, kila kimoja kikiwa na unene wa dx. Urefu wa kipande huupata kwa kuchukua mpaka wa juu na kutoa mpaka wa chini, kisha hujumlisha vyote kwa integrali. Njia hiyo ni sahihi, lakini kwa umbo hili ina mtego.

Mpaka wa juu hausumbui; ni y = √x tangu mwanzo hadi mwisho. Tatizo liko chini. Kuanzia x = 0 hadi x = 1, kipande cha wima hukaa juu ya mkono wa chini wa parabola yenyewe, yaani y = −√x. Kikishavuka x = 1, hukaa juu ya mstari y = x − 2. Sakafu imebadilika katikati ya safari, kwa hiyo hakuna kanuni moja inayotoa urefu wa vipande vyote. Inabidi eneo ligawanywe mara mbili: sehemu ya kwanza hutoa 4/3, ya pili 19/6, na jumla yake ni 9/2.

Asiyeuona mpasuko huo huandika integrali moja ya √x − (x − 2) kutoka 0 hadi 4. Hupata 16/3, na hakuna kitu katika hesabu kitakachomwonya, kwa sababu kila hatua ya aljebra iko sawa. Kosa liko kwenye mchoro: amebeba kipande cha ziada chenye ukubwa wa 5/6, kilicho kati ya mkono wa chini wa parabola na mstari ulio chini yake, nje kabisa ya eneo linalotafutwa.

Geuza kisu, ukate kwa mlalo. Kila kipande sasa kina unene wa dy, na urefu wake ni mpaka wa kulia kutoa mpaka wa kushoto. Kulia daima ni mstari, ambao ukiandikwa kwa kufuata y huwa x = y + 2. Kushoto daima ni parabola, x = y². Hakuna kinachobadilika njiani. Mahali inapokutana mipaka hiyo, y² = y + 2, hivyo y ni −1 au 2. Hizo ndizo ncha za integrali. Wengi huteleza hapa kwa kuweka 1 na 4, ambazo ni thamani za x za pointi zilezile. Palipo na dy, ncha lazima ziwe za y.

Kazi yote inabaki mstari mmoja:

∫ (y + 2 − y²) dy, kutoka −1 hadi 2

Integrali yake ni y²/2 + 2y − y³/3. Kwa y = 2 inatoa 10/3, kwa y = −1 inatoa −7/6, na tofauti yake ni 9/2. Vipeuo vya pili vimetoweka kabisa.

Jibu hili lina shahidi wa kale. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Arkimedi wa Sirakusa alithibitisha kwamba eneo lililokatwa na mstari kwenye parabola ni 4/3 ya pembetatu iliyochorwa ndani yake, yenye kitako kwenye mstari huo na kilele pale ambapo mguso wa parabola uko sambamba nao. Hapa kilele ni (1/4, 1/2), na pembetatu ina eneo la 27/8. Zidisha kwa 4/3, unapata 9/2.

Mlalo nao si dawa ya kila umbo. Eneo lililo kati ya y = 4 − x² na y = x + 2 hukatwa wima kwa integrali moja tu, lakini kwa mlalo mpaka wa kulia hubadilika kwenye y = 3, na mpasuko unarudi. Tena kuna mikunjo kama y = x + sin x, ambayo haigeuzwi kuwa x kwa kufuata y kwa kanuni ya kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kuandika integrali yoyote, chora, kisha telezesha rula juu ya mchoro: kwanza ikiwa imesimama, halafu ikiwa imelala. Tazama ncha zake mbili. Upande ambao ncha hazihami kutoka mpaka mmoja kwenda mwingine ndio wa kuanza nao.