Bekapu Ipo, Akaunti Siyo

Mama mmoja muuza vitenge alinijia na simu mpya mkononi. Oda za wateja wake, vipimo na picha za mitindo, vyote vilikuwa WhatsApp kwenye simu ya zamani, ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka. Laini ameihamisha, namba ni ile ile, lakini WhatsApp ilipotafuta bekapu ikamjibu kwamba hakuna. Yeye anaapa kwamba bekapu ilikuwa ikifanyika kila usiku.

Hakuna aliyekosea, si mama wala simu. Kwenye Android, bekapu hii haikai kwenye laini. Inakaa Google Drive, ndani ya akaunti ya Google iliyochaguliwa siku ya kuanza. Ili irudi, vitu viwili sharti viwe vile vile: namba ya simu na akaunti hiyo. Namba kila mtu anaijua yake. Akaunti ndiyo inayosahaulika, kwa sababu wengi hawakuifungua wenyewe. Muuza simu aliifungua dukani harakaharaka ili Play Store ifanye kazi, akabuni anwani na neno la siri. Simu ya pili ikinunuliwa duka jingine, inafunguliwa akaunti nyingine. WhatsApp hutafuta kwenye akaunti zilizomo ndani ya simu tu. Ya zamani isipokuwemo, haina pa kuikuta bekapu.

Wengine hufikiri wataipakua bekapu kutoka akaunti moja na kuituma nyingine. Haiwezekani. Imewekwa sehemu iliyofichwa ya Drive ambayo WhatsApp pekee huisoma. Kwa hiyo faili haliifuati simu; akaunti ndiyo inayoletwa kwenye simu.

Kwanza tuijue ni ipi. Simu ya zamani ilikuwa bado inawaka, lakini WhatsApp yake ilikuwa imejifunga namba iliposajiliwa kwenye simu mpya, kwa hiyo tukafungua Google Drive ya simu hiyo, kisha `Backups`. Akaunti iliyokuwemo ilikuwa na anwani asiyoitambua kabisa, na ndani yake bekapu ya WhatsApp, pamoja na tarehe na ukubwa wake. Tukaviandika vyote. Neno la siri hakulijua, ila muuza simu alikuwa amesajili namba ya mama kwenye akaunti ile, hivyo Google ikamtumia tarakimu za uthibitisho na akaweka neno jipya. Simu ya zamani ingekuwa imepotea, tungeanzia ukurasa wa Google wa kutafuta akaunti iliyosahaulika. Huo huuliza namba ya simu na jina lililoandikwa kwenye akaunti, na hapo ndipo jina la kubuni la dukani linapomkwamisha mtu.

Sasa kuna mtego. Ukishaijua akaunti, mkono hukimbilia kwenye WhatsApp ya simu mpya, kuichagua pale `Chat backup` na kubonyeza `Back up`. Usifanye hivyo! Kitufe hicho hupeleka, hakirudishi. Bekapu mpya hufuta ile iliyotangulia ya namba hiyo kwenye akaunti hiyo, na iliyofutwa hivyo hairudi tena. Meseji za miaka zitakuwa zimefunikwa na za siku tatu.

Njia sahihi ni kuiongeza akaunti kwenye mipangilio ya simu yenyewe, si ndani ya WhatsApp. Kisha WhatsApp inaondolewa na kuwekwa upya, kwa sababu swali la kurudisha huulizwa wakati wa kusajili namba tu. Ukilipita, ndani hamna kitufe cha kulirudia. Meseji zilizoingia simu mpya siku hizo chache hazitaungana na za zamani, kwa hiyo mama alizipiga picha oda zake mpya kwanza. Bekapu ilipoonekana, tulilinganisha tarehe na ukubwa na tulivyoandika. Vilipolingana, akabonyeza `Restore`.

Mambo mawili yangeweza kutuzuia hata na akaunti sahihi mkononi. Bekapu isiyoguswa kwa zaidi ya miezi 5 Google inaweza kuifuta. Na kama mwenyewe aliifunga kwa neno la siri la WhatsApp, akaunti peke yake haitoshi kuifungua.

Ewe msomaji, ingia WhatsApp leo, `Settings`, kisha `Chats`, kisha `Chat backup`, kabla simu haijaanguka, uisome anwani iliyopo. Kama huwezi kuingia kwenye akaunti hiyo kwa neno la siri unalolijua, chagua akaunti yako mwenyewe kisha ubonyeze `Back up`. Leo meseji zako zote bado zimo ndani ya simu, na hapo kitufe hicho hakikupotezei kitu.