Pakiti Nne Kila Nusu Saa

Ukisimama karibu na mashine ya kufungasha sembe utamwona fundi akipima pakiti moja. Ikisoma gramu 1,998 anakaza skrubu kidogo, na inayofuata ikisoma 2,011 anailegeza. Mchana kutwa mkono wake hautulii, na jioni anakwambia mashine hii ina kichaa. Mara nyingi mashine haina neno. Hakuna mashine inayojaza gramu 2,000 kamili kila mara, na huyo anayeirekebisha kila inapopepesuka kidogo ndiye anayezidisha kupepesuka kwake. Kwa hiyo kabla ya kugusa skrubu anahitaji kujua kama tofauti aliyoiona ni kawaida ya mashine au kuna kilichobadilika.

Swali hilo lilijibiwa Marekani tarehe 16 Mei 1924. Walter Shewhart, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya vifaa vya simu ya Western Electric, alimwandikia mkubwa wake waraka mfupi wenye mchoro. Mchoro ulikuwa na nukta zilizopangwa kwa mfuatano wa wakati, na mistari ya mipaka. Nukta ikiwa ndani ya mipaka, iache mashine ifanye kazi. Ikitoka nje, tafuta sababu. Ndiyo chati ya udhibiti, na mpaka leo umbo lake halijabadilika sana.

Kinachowatatiza wanafunzi wangu si kuichora. Wanakwama pale wanapotakiwa kusema mipaka inatoka wapi. Huwa nawapa zoezi la mashine ya pakiti za kilo mbili, lenye tarakimu nilizozitunga ziwe nyepesi. Kila nusu saa tunachukua pakiti nne zilizofuatana na kuzipima. Tuseme zimesoma 2,004, 2,011, 1,998 na 2,007. Wastani wake ni gramu 2,005. Upana wake, yaani kubwa kutoa ndogo, ni gramu 13. Namba hizo mbili tunaziandika, na pakiti zinaendelea na safari yake.

Tukishapata sampuli 20 tunaanza hesabu. Katika zoezi letu wastani wa wastani zote 20 ni gramu 2,006, na wastani wa upana ni gramu 12. Sasa tunafungua jedwali lililo nyuma ya karibu kila kitabu cha udhibiti wa ubora, tunasoma mstari wa sampuli yenye vitu vinne, na tunakuta 0.729. Tunazidisha 12 kwa 0.729, tunapata 8.7. Tukijumlisha na 2,006, kikomo cha juu ni 2,014.7, tukitoa, kikomo cha chini ni 1,997.3. Upana nao una chati yake, na kikomo chake cha juu ni 12 mara 2.282, yaani gramu 27.4.

Hiyo 0.729 si uganga. Inageuza upana kuwa kipimo cha kawaida cha mtawanyiko, inazingatia kwamba wastani wa pakiti nne hutawanyika nusu tu ya pakiti mojamoja, kisha inazidisha kwa tatu. Kwa nini tatu? Kwa mashine iliyotulia, mipaka ya tatu hutoa king'ora cha uongo takriban mara moja katika sampuli 370. Ukichukua sampuli 16 kwa siku, hiyo ni kama mara moja kwa siku 23 za kazi. Ukiibana mipaka hadi mbili, king'ora cha uongo kitalia karibu kila siku, na baada ya wiki mbili hakuna fundi atakayekiamini.

Turudi kwenye chati yetu. Sampuli moja kati ya 20 ina wastani wa 2,025, nje kabisa ya kikomo. Tunauliza, na tunaambiwa kwamba saa ile pipa la kulishia lilijazwa kupita alama, unga ukashindiliwa. Sababu imepatikana na imeondolewa, basi sampuli hiyo tunaitoa na kukokotoa upya. Wastani mkuu unashuka hadi 2,005, upana unabaki 12, na mipaka mipya ni 1,996.3 na 2,013.7. Hii ndiyo tunayoibandika ukutani. Lakini kama sababu isingepatikana, nukta ingebaki. Kufuta nukta kwa sababu inaudhi ni kujichorea chati ya kujifurahisha.

Sasa kosa ambalo hata wenye shahada hulifanya. Mwanafunzi anaona kuhangaika na upana wa pakiti nne nne ni ushamba, naye ana kompyuta. Anazimwaga pakiti zote 80 kapu moja, anakokotoa mtawanyiko wake, anachora mipaka. Hesabu yake ni sahihi, ila chati imekufa. Chukua siku ambayo mashine ilianza asubuhi na wastani wa 2,000 ikapanda polepole hadi 2,020 jioni, huku pakiti za kila sampuli zikitofautiana kwa gramu 12 zilezile. Mipaka inayotokana na upana ni 2,001.3 na 2,018.7, hivyo nukta za mwanzo na za mwisho wa siku zinaelekea kutoka nje, na mteremko unaonekana kwa macho. Mipaka ya kapu moja inakuwa karibu 1,998 na 2,022, na siku nzima ya kupotoka inapita humo kimya. Kupanda kwa mashine kumeingia kwenye kipimo kilichotakiwa kukufichua.

Ndiyo maana tunachukua pakiti zilizofuatana: ndani ya sampuli iwemo bahati nasibu peke yake, na mabadiliko ya wakati yaonekane kati ya sampuli na sampuli. Kosa la upande wa pili hutokea kwenye mashine yenye midomo minne. Mpimaji anachukua pakiti moja kutoka kila mdomo, na midomo haijazi sawa. Upana unavimba, mipaka inapanuka, na nukta zote zinajikusanya karibu na mstari wa kati. Wakaguzi huipenda sana chati ya namna hiyo. Mimi nikiiona, swali langu la kwanza ni sampuli zimechukuliwaje.

Na mtu asije akachora mstari wa 2,000 juu ya chati hiyo akasema kila kilicho juu yake ni salama. Mipaka yetu ni ya wastani wa pakiti nne, si ya pakiti anayobeba mteja. Upana wa gramu 12, ukigawanywa kwa 2.059 ya jedwalini, unatupa mtawanyiko wa gramu 5.8 kwa pakiti mojamoja. Kwa hiyo mashine hii, ikiwa imetulia na nukta zote zimo ndani, hutoa pakiti za kuanzia karibu 1,988 hadi 2,022. Chati haina lawama, mashine ni tulivu, na bado karibu pakiti moja kati ya tano haifikishi kilo mbili zilizoandikwa juu yake. Hilo halitibiwi na fundi wa zamu. Mwenye kiwanda ndiye wa kuamua apandishe kipimo kizima kwa gramu kama 12 na kutoa unga wa ziada kila pakiti, au anunue mashine yenye mtawanyiko mdogo.